Asaimenti na makala yako mwenyewe ndani ya tasnifu: kipi chakubalika na utaje wapi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili masta ya afya ya jamii hapa Mombasa, tasnifu yangu ni ya maji ya visima vya Kisauni. Mwaka wa kwanza niliandika asaimenti ya yuniti moja, mapitio ya tafiti za maji ya visima Pwani, nikapata alama nzuri. Halafu mie na supavaiza na lekcha mwengine tukachapisha makala, visima 24 wakati wa masika. Tasnifu ina visima 40, masika na kiangazi. Sura ya pili nimeitoa sana kwenye asaimenti, ya tatu na ya nne kwenye makala, sasa Turnitin imetoa asilimia 41. Wenzangu waniambia nibadilishe maneno ishuke. Lakini ni maneno yangu, najiibia vipi? Na nikitaka kusema wazi naandika wapi?"

Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa usibadilishe maneno ili namba ishuke, hata kama wenzako wote wafanya hivo. Ukikaa usiku kucha wageuza "sampuli zilichukuliwa" iwe "tulichukua sampuli", kitu kile kile bado kimerudiwa, tofauti ni kwamba sasa umekificha, na mtahini akija kugundua hataona tena mwanafunzi aliyesahau kutaja, ataona mtu aliyejua na akafunika. Katika jambo hili kosa kubwa ni kumfanya msomaji aamini kwamba anachosoma ni kipya na wakati kishatumika mahali pengine. Kutumia tena kazi yako mara nyingi kwaruhusiwa, na wala maneno hayapotezi kuwa yako, lakini tasnifu ni kitu unachopeleka chuoni ukisema hii ndo kazi niliyoifanya ili nipewe digrii, kwa hivo yule anayeipima ana haki ya kujua kipande gani kishapimwa na kipande gani kishachapishwa.

Sasa wewe una vitu viwili na umevichanganya kama kimoja, asaimenti na makala. Havifanani hata kidogo.

Asaimenti ishapata alama. Hizo alama zimeingia kwenye transkripti yako ya digrii hii hii unayoisomea, halafu sasa unataka zile kurasa zihesabiwe mara ya pili kama sura ya tasnifu. Vyuo vingi vina sheria kwamba kazi moja haipewi alama mara mbili bila ruhusa, fungua kitabu cha kanuni za wanafunzi wa uzamili cha chuo chako, angalia sehemu ya udanganyifu wa kitaaluma, mara nyingi kimeandikwa hapo hapo karibu na mambo ya kuibia kwenye mitihani, watu hawaisomi mpaka yawafike. Proposo yako haina shida hii, manake proposo iliandikwa ili iwe tasnifu, kila mtu alijua sura tatu za mwanzo zitatoka humo. Asaimenti ya yuniti hakuna aliyekubaliana nawe hivo.

Unachofanya ni kuomba ruhusa kwa maandishi, sio kumuuliza supavaiza mkikutana kwenye ngazi akasema "haina neno". Muandikie imeli fupi na umuweke mratibu wa uzamili kwenye nakala, useme hivi: "Sehemu ya 2.3 na 2.4 za sura ya pili zinatokana na asaimenti niliyoiwasilisha katika yuniti fulani, muhula fulani, ambayo ilipewa alama. Nimeipanua na kuongeza tafiti za karibuni. Naomba kujua kama chuo kinaruhusu, na kama kinaruhusu niitaje kwa njia gani. Nimeambatisha asaimenti yenyewe." Hiyo kuambatisha ndo muhimu, aone mwenyewe. Jibu likija lihifadhi mahali ambapo hata supavaiza akihama au akistaafu utalipata.

Wakikataa, andika upya, na kuandika upya hapa hakumaanishi kukaa na asaimenti upande mmoja wa skrini ukibadilisha sentensi moja moja. Funga hiyo faili kabisa, rudi kwenye zile tafiti zenyewe uzisome tena, uandike kwa swali la tasnifu. Na kusema kweli hata wakikubali mie ningekushauri uandike upya sehemu kubwa, kwa sababu asaimenti ilijibu swali la lekcha wa yuniti, pengine "jadili tafiti za maji ya visima Pwani", ilhali sura ya pili ya tasnifu yatakiwa kuonyesha pengo ambalo visima vyako 40 vinalijaza. Mtahini mzoefu husoma sura ya pili akaona imeorodhesha tafiti tu moja baada ya nyengine bila kuelekea popote, akajua moja kwa moja hii ilikuwa asaimenti, hahitaji hata Turnitin.

Kuna hali moja nyengine ambayo sio yako lakini wasomaji wengine wataulizia, mtu aliyechukua projekti yake ya digrii ya kwanza. Hiyo ni nzito zaidi. Ile kurasa ya tamko mbele ya tasnifu unaweka sahihi kwamba kazi hii ni yako halisi na haijawasilishwa kwa ajili ya shahada katika chuo kingine chochote. Projekti iliwasilishwa kwa shahada. Ukiinakili ukaweka sahihi pale, umetia sahihi kwenye jambo lisilo kweli, na hapo hakuna tena mjadala wa asilimia. Projekti ya zamani itaje kama vile ungetaja kazi ya mtu mwengine ambayo haijachapishwa, jina lako, mwaka, kichwa, chuo, kisha uonyeshe tasnifu imeongeza nini juu yake.

Haya, makala. Hapa hali yako ni nzuri kuliko unavyofikiria. Vyuo vingi vya Kenya vyenyewe vinataka mwanafunzi wa masta awe amechapisha kabla ya kufuzu, sasa wakutume uchapishe halafu wakushike kwa kuchapisha? Hapana. Makala yametoka ndani ya utafiti huu huu, ni zao lake, na hakuna aliyekupa alama kwa sababu yake. Lakini kuna mambo matatu yatakiwa yakae sawa, na watu wengi hulikumbuka moja tu, lile la kutaja.

Tuanze na hilo la kutaja. Mahali pa kwanza ni mbele, baada ya tamko au kwenye dibaji kutegemea fomati ya chuo chako. Tasnifu yenyewe najua ni ya Kizungu, nakupa kwa Kiswahili uone kilichomo kisha uweke mwenyewe: "Sehemu ya sura ya tatu na sehemu ya 4.2 ya tasnifu hii zimechapishwa awali katika makala (waandishi, mwaka, kichwa, jarida). Makala hayo yalihusu visima 24 vilivyopimwa wakati wa masika. Mwandishi wa tasnifu hii ndiye aliyekusanya na kuchambua data na kuandika rasimu ya kwanza. Matokeo ya visima 16 vilivyobaki, na matokeo yote ya kiangazi, hayajachapishwa popote." Ona kauli hiyo imefanya nini, imesema kipande gani, imetoka wapi, nani alifanya nini, na kipi ni kipya. Ile ya "baadhi ya sehemu za kazi hii zimewahi kuchapishwa" haimsaidii mtu yeyote, mtahini atabaki kukisia ni sehemu gani na kwa kawaida atakisia vibaya.

Mahali pa pili ni mwanzo wa sura yenyewe, tanbihi moja chini ya kurasa ya kwanza ya sura ya tatu na nyengine pale 4.2 inapoanza, "maelezo ya sehemu hii yanafuata kwa karibu yale yaliyo kwenye makala fulani". Baada ya hapo huna haja ya kujitaja kila sentensi, inachosha na inafanya sura nzima ionekane kama yaongelea mtu mwengine. Wala usiweke maneno yako kwenye alama za kunukuu, hata mwongozo wa APA toleo la 7 wasema maneno yako mwenyewe uliyoyarudia hayawekewi alama hizo, unayatambulisha tu kwamba ulishayaeleza awali na unataja wapi. Jedwali na michoro ni tofauti kidogo, kila moja lililotoka kwenye makala liwe na maelezo yake pale chini, manake watu hukata jedwali wakalipeleka peke yake bila kusoma sura.

Mbinu za utafiti ndo sehemu ambayo kurudia husamehewa zaidi. Ukishaeleza kwamba maji yalichukuliwa asubuhi kwenye chupa zilizotakaswa, yakawekwa kwenye kulaboksi lenye barafu na kupimwa bakteria wa kinyesi kabla ya saa 24 kupita, kuna njia ngapi za kusema hivo? Ukilazimisha maneno mapya waweza hata kuharibu maana, nishasoma tasnifu ambayo mtu alikimbia neno "kutakaswa" akaandika "kuoshwa", na chupa iliyooshwa sio chupa iliyotakaswa, utafiti mzima ukaonekana mbovu kwa sababu ya kuiogopa Turnitin. COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji ambayo majarida mengi yaifuata, pia hukubali kwamba kurudia kwenye mbinu mara nyengine hakuepukiki ilimradi chanzo kitajwe, ila kwenye matokeo na mjadala wako wakali zaidi.

Kwenye matokeo sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa suala sio maneno tena, ni data. Makala yako ina visima 24. Tasnifu ina 40, na wale 24 wako ndani ya hao 40. Mtu akifanya mapitio ya maji ya Pwani miaka mitano ijayo atapata makala yako kwenye jarida na tasnifu yako kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo, na kama hujasema popote, atahesabu visima 64. Visima vya Mishomoroni na Mtopanga vitaingia mara mbili kwenye hesabu yake, na kama vilikuwa vichafu kuliko vyengine, Kisauni yote itaonekana chafu kuliko ilivyo, na hiyo ripoti yaweza kufika kwa watu wa kaunti wanaoamua wapi patiwe dawa. Kwa hivo weka safu moja kwenye jedwali la visima, au alama ya nyota, ionyeshe visima vipi 24 vilikuwa kwenye makala, na kwenye maandishi useme kwa sentensi moja kwamba sio sampuli mpya. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Mie nikiwa kwenye difensi naangalia hilo kabla ya kuangalia asilimia yoyote.

Jambo la pili ni wenzako mlioandika nao. Umesema makala yana majina matatu. Sasa kaa ujiulize kwa haki, aya zile za mjadala, nani aliziandika? Manake mara nyingi hapa kwetu mwanafunzi huandika rasimu, supavaiza akaiweka sawa, na ule mjadala mzuri wa mwisho supavaiza au yule lekcha wa tatu ndo aliouandika kwa mkono wake baada ya wahakiki wa jarida kurudisha maswali. Aya hiyo ukiihamishia kwenye tasnifu hujajiibia wewe, umechukua maneno ya mtu mwengine ukayaweka chini ya tamko linalosema ni yako, na huo ni wizi wa kawaida kabisa hata kama jina lako lilikuwa la kwanza kwenye makala. Fungua zile rasimu za zamani kwenye imeli, linganisha. Mbinu na matokeo ulizoandika wewe hamisha na utaje. Mjadala andika upya wote kutoka kichwani mwako, na kwa bahati nzuri utalazimika tu, kwa sababu sasa una kiangazi na visima 16 zaidi na mjadala wa masika peke yake hautoshi. Pale unapotaka wazo ambalo lilikuwa la mwenzako, litaje kama unavyotaja mtu yeyote.

Waandishi wenzako pia wajulishwe kwa maandishi. Imeli ya mistari minne yatosha, "nakusudia kutumia sehemu hizi za makala yetu kwenye tasnifu, naomba idhini yako", na majibu yao uyaweke kwenye kiambatisho ikiwa chuo kinataka. Supavaiza hatakataa, lakini yule lekcha wa tatu akiikuta tasnifu mtandaoni bila kuambiwa aweza kulalamika na atakuwa na haki.

La tatu ni mwenye hakimiliki. Wewe ndo uliyeandika lakini siku ile makala ilipokubaliwa mlijaza fomu, na hiyo fomu yaweza kuwa imempa mchapishaji haki zote. Itafute. Kama makala imetoka chini ya leseni ya CC BY, utaona hivo hivo kwenye kurasa ya kwanza ya PDF, basi umeruhusiwa kuitumia alimradi utaje chanzo na leseni, mambo yameisha. Kama haki zimehama kwa mchapishaji, wengi wao wameshaandika kwenye tovuti zao kwamba mwandishi aweza kutumia makala yake ndani ya tasnifu. Elsevier kwa mfano wanaruhusu, muradi tasnifu isiuzwe kibiashara na jarida litajwe kama chanzo. IEEE wao wanataka uweke alama yao ya hakimiliki na mwaka, na utumie ile nakala yako iliyokubaliwa, sio PDF iliyopangwa na jarida. Jarida dogo la hapa nyumbani ambalo halijaandika chochote, muandikie mhariri umuulize, na usichukulie kimya chake kuwa ndio. Haya yote yana maana kwa sababu tasnifu siku hizi haikai kabatini, chuo kinaipandisha mtandaoni na dunia nzima inaisoma, yaani ni kama umechapisha tena.

Sasa turudi kwenye hiyo 41. Namba hiyo inasema tu kwamba maneno kiasi hicho yamefanana na maneno mengine kwenye hifadhi yao, haijasema umeiba. Fungua ripoti, upande wa kulia kuna orodha ya vyanzo kila kimoja na asilimia yake. Tuseme unaona makala yako 22, chanzo kimeandikwa Submitted to na jina la chuo chako 11, na zilizobaki 8 zimetawanyika moja moja. Ile 22 ishaeleweka na ishatajwa. Ile 11 pengine ndo asaimenti, lakini hakikisha, manake yaweza kuwa ni rasimu ya tasnifu hii hii uliyoipakia mwezi uliopita ikabaki kwenye hifadhi, na hapo unajilinganisha na wewe wa mwezi jana, nishaona mtu akipata zaidi ya 90 kwa sababu hiyo akalia. Rasimu zijazo muombe anayesimamia akaunti aweke mpangilio wa kutohifadhi. Ile 8 iliyotawanyika ndo ya kuangaliwa kwa makini, moja moja, kwa sababu huko ndo kwaweza kuwa na sentensi ya mtu mwengine uliyoisahau bila kutaja.

Halafu muombe huyo huyo, sio wewe, aiondoe makala yako kwenye hesabu, Turnitin inaruhusu mwalimu kuondoa chanzo kimoja kwa jina. Ziwasilishwe ripoti mbili, ile ya 41 na ile iliyoondolewa makala, pamoja na barua ya kurasa moja ya supavaiza inayoeleza tofauti. Ukiwasilisha ile ya chini peke yake unarudi kule kule kwa kuficha. Na kama chuo chako kina kiwango chake, ulizia kama kiwango hicho kinahesabu machapisho ya mwanafunzi mwenyewe, vyuo vingine vimeandika kwamba havihesabu na vyengine havikuandika, hapo barua ya supavaiza ndo itakayokubeba.

Fanya hayo yote kabla hujajaza fomu ya kuwasilisha kwa watahini. Mtahini wa nje hakujui, hakuwepo mkiongea na supavaiza, yeye ana hiyo tasnifu tu mkononi, na akichukua sentensi moja ya sura ya tatu akaitafuta mtandaoni, makala inatoka na majina matatu juu yake. Akirudi mbele akakuta kauli yako ishamwambia, anaendelea kusoma. Akikosa, anaandika barua kwa chuo, na barua hiyo ikishaandikwa maelezo yako hata yakiwa ya kweli yataonekana yamekuja kwa kushikwa.

Na ile data ya kiangazi ukitaka kuitoa kama makala ya pili baada ya kufuzu, mhariri ajue kwenye barua ya kwanza kabisa kwamba imo kwenye tasnifu na iko mtandaoni, weka na linki. Majarida mengi hayahesabu tasnifu kuwa ni uchapishaji uliotangulia, lakini yako yanayohesabu, na ni bora wakukatae siku ya kwanza kuliko waiondoe makala ikishatoka. Kabla ya yote hayo ongea na supavaiza kuhusu lile suala la mjadala, ukiwa na rasimu za zamani mkononi.